Kumwacha rafiki anayekumaliza: kwanza hesabu, halafu maneno

Watu wengi wanaoamua kuachana na rafiki huanza na maneno. Usiku wanatunga ujumbe mrefu wa WhatsApp, wanautuma, wanazima data na kulala. Asubuhi ndipo wanapokumbuka kwamba huyo aliyetumiwa ujumbe ana ufunguo wa duka lao, amedhaminiwa nao kwenye Sacco, na mkutano ujao wa chama ni kwake. Katika miji yetu hii ya Kisumu, Kakamega na Nakuru, urafiki una daftari lake. Ukivunja kabla ya kufunga daftari, utaitwa kurudi kwa sababu ya pesa, na ukirudi kwa sababu ya pesa utajikuta umerudi kwa yote.

Nimekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kisumu kwa muda wa kutosha kuona urafiki ukivunjika mbele ya meza yangu. Nitatumia kisa cha mwanachama mmoja, fundi wa nguo mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Ameniruhusu, na nimebadilisha mawili matatu asijulikane. Yeye na rafiki yake, ambaye hapa nitamwita mwenzake, walikuwa bweni moja sekondari. Kila usiku saa tatu simu ililia, na mazungumzo yalikuwa ya mtu mmoja: mume, mkubwa wa kazini, shemeji, kisha mume tena. Fundi aliweka simu kwenye kipaza sauti, akaiegemeza kwenye cherehani, akaendelea kupinda sare za shule huku akisema "mmh" na "pole". Siku moja aliacha simu pale, akaenda kuteka maji bombani, akajaza mtungi, akarudi. Mwenzake alikuwa bado anaongea na hakuwa ameona kitu.

Hatua ya kwanza: je, ni mtu au ni msimu?

Hapa usikae sana, lakini usiruke. Mtu aliyefiwa, aliyejifungua juzi au aliyefutwa kazi atakuchosha, na hiyo ni haki yake kwa kipindi. Kumwacha wakati huo ndiko kunakozaa hatia ambayo kweli ina msingi. Swali la kujiuliza si kama anakuchosha sasa. Rudi nyuma ukumbuke kipindi cha mwisho mambo yake yalipokuwa mazuri: alikuuliza habari zako akangoja jibu? Fundi alikumbuka mwaka ambao mwenzake alipandishwa cheo. Simu zilikuwa zilezile, ila malalamiko yaligeuka kuwa majigambo. Mama yake fundi alipolazwa, mwenzake alipiga simu, akauliza "mama anaendeleaje?", na kabla ya jibu kuisha akawa ameshaingia kwenye habari za shemeji.

Kama kipindi kizuri kilikuwa kizuri kwenu wote wawili, huna sababu ya kuvunja. Mwambie simu za usiku zimekuzidi, mpunguze, mngoje msimu upite. Jambo la pili la kuangalia ni kama umewahi kumwambia waziwazi, hata mara moja, kinachokuchosha. Wengi wetu tunanuna tu tukidhani mtu ameelewa. Fundi alikuwa amesema mara mbili: "Saa tatu bado nina kazi ya wateja, tuongee Jumamosi." Mwenzake alicheka, na kesho yake saa tatu simu ikalia.

Hatua ya pili: funga daftari mkiwa bado mnasalimiana

Hii ndiyo hatua ndefu, na inaweza kuchukua miezi. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachowaunganisha ambacho mtu wa tatu angeweza kukitambua: pesa, karatasi zenye sahihi, funguo, watoto, vikundi, siri. Hisia ziache kando kwa sasa.

Anza na pesa ndogondogo, maana ndizo hakuna anayezijua. Omba taarifa yako ya M-Pesa ya miezi sita, kwenye programu ya simu au kwa *334#, kisha tafuta jina lake. Fundi alijua kwamba humtumia "soo mbili, soo tatu" za umeme na za nauli. Alipojumlisha alipata 14,600. Kazi ya hesabu hii si kumdai wala kumwonyesha. Kazi yake ni kukusaidia kuamua sasa, ukiwa umetulia, ipi ni deni na ipi ilikuwa zawadi. Fundi alipitia mstari kwa mstari akaona ni 5,000 tu ambazo mwenzake alisema wazi "nikopeshe". Hizo akaziulizia kama kawaida, akarudishiwa 2,000. Zile 3,000 zilizobaki alijiambia zimekwenda, akazifuta kabisa kichwani. Deni ambalo hujaamua hatima yake litakuwa kisingizio cha kupigiana simu, na kisingizio hicho mara nyingi hutumiwa na wewe unayeondoka.

Halafu Sacco. Hapa watu hudanganyika sana. Ukishatia sahihi kuwa mdhamini wa mkopo, huwezi kuenda ofisini ukasema "sisi si marafiki tena, nitoeni". Akiba zako zimeshikwa mpaka mkopo uishe, au mkopaji alete mdhamini mwingine ambaye Sacco itamkubali. Kwa hiyo mambo ni mawili. Mwombe mkopaji atafute wa kukubadilisha, ukimpa sababu ya kweli kama unayo. Fundi alitaka mkopo wa cherehani ya umeme na akiba yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hakuhitaji kutunga uongo. Mwenzake alijibu "sawa dadangu", na hakufanya lolote. Basi fundi akaenda ofisini kwa jambo la pili, ambalo ni kuuliza salio na sehemu yako ikiwa mkopaji atashindwa kulipa. Salio lilikuwa 31,000, wadhamini watatu, kwa hiyo fungu lake lilikuwa kama 10,300. Hapo hofu yake ilipungua. Kabla ya siku ile alikuwa akifikiri kwamba akimkasirisha mwenzake atapoteza akiba zote. Sasa alijua kwamba hata mambo yakiharibika kabisa, hasara ni 10,300, na akaamua anaweza kuibeba. Kama wewe huwezi kuibeba ya kwako, ngoja mkopo uishe ndipo uzungumze. Hakuna ubaya kungoja miezi minne ukiwa umeshaamua, mradi usidhamini mwingine katikati.

Chama ni tofauti. Chama chetu ni cha watu kumi na wawili, elfu mbili kila mwezi, na mmoja anapokea 24,000. Fundi alikuwa ameshapokea Aprili, na zamu ya mwenzake ilikuwa Novemba. Kutoka kabla ya Novemba kungekuwa kumla mwenzake pesa, tena mbele yetu sote. Ukishapokea, kaa mpaka mzunguko uishe. Kuacha urafiki hakukuhitaji uache chama, na watu wazima kumi na wawili wanaweza kukaa sebule moja bila kila mmoja kuwa kipenzi cha mwenzake. Kama wewe ndiye hujapokea, na unaona kukaa pamoja hakutawezekana, mwombe mweka hazina mapema mtu wa kununua nafasi yako. Usingoje wiki ya zamu yako.

Ufunguo wako alio nao: usiudai kwa ugomvi. Badilisha kufuli. Ni bei ndogo kuliko mazungumzo hayo.

Siri ni ngumu zaidi. Rafiki wa miaka mingi anajua mambo ambayo mume wako au mama mkwe hajui. Pitia orodha ujiulize ni lipi likisemwa litakuumiza kweli, na kama kuna mtu anayestahili kulisikia kutoka kwako, mwambie wewe kwanza. Fundi alikuwa na mkopo wa simu ambao mume hakuujua. Alimwambia Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, wakavutana kidogo, yakaisha. Mwenzake hakuwahi kumtolea siri ile, lakini fundi anasema bila hilo asingethubutu kuongea.

Na watoto. Mwenzake alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake, na huyo binti alimpenda. Hili halifunguki wala halina haja ya kufunguka. Uhusiano ule ni wa mtoto, haukuwa wako wa kuuvunja. Fundi aliamua kabla kwamba kadi za siku ya kuzaliwa na salamu za kanisani zitaendelea, ila mtoto hatalala kule tena wala hatatumwa na ujumbe wowote. Mtoto alipouliza mbona anti haji, alijibiwa: "Mimi na anti siku hizi hatutembeleani sana. Wewe bado ni mtoto wake." Inatosha. Mtoto wa miaka minane hahitaji hukumu ya kesi.

Hatua ya tatu: sentensi yenyewe

Wapo watakaokushauri upunguze polepole mpaka urafiki ufe wenyewe. Kwa rafiki mnayeonana mara moja kwa miezi mitatu, hiyo inafaa na ndiyo heshima. Kwa anayepiga kila usiku haifai, na sababu yake inajulikana vizuri na wanaosoma tabia za watu na wanyama. Kitu kinachopatikana mara moja moja, bila mpango, hutafutwa kwa bidii kuliko kinachopatikana kila mara. Ukikataa simu nne ukapokea ya tano, umemfundisha kwamba bei yako ni simu tano. Kesho atapiga sita.

Kwa urafiki wa miaka, sema ana kwa ana, mchana, kwa muda mfupi. Usiseme nyumbani kwake, maana mgeni hainuki tu akatoka. Usiseme kwako, maana huwezi kumfukuza mgeni. Wala usimwalike Dunga mle samaki. Samaki akishaagizwa mmejifunga saa nzima, mtalia juu ya ugali mbele ya wahudumu, na mwisho kuna kizaazaa cha nani analipa. Chagua benchi mjini mahali ambapo kila mmoja anapata tuktuk yake ya kuondokea, na usichague Jumapili karibu na Kibuye, maana ni siku ya soko na nusu ya mnaowajua watapita hapo. Kama yuko Nairobi, piga simu. Ujumbe wa maandishi uweke kwa yule tu ambaye umeshamwona akipiga kelele au kurusha mkono.

Maneno ya fundi yalikuwa haya, na tuliyapunguza pamoja mpaka yakawa mafupi: "Dadangu, nimekuita kukuambia kwamba nimeacha huu urafiki wetu wa karibu. Simu za usiku sitakuwa napokea, na kukopeshana nimeacha. Chamani nitakuwepo kama kawaida, na ule mkopo wa Sacco uendelee hivyo hivyo. Mtoto ni wako."

Utaona hakuna orodha ya makosa. Hiyo ni makusudi. Kila kosa unalolitaja linaweza kubishaniwa, kuelezwa au kuahidiwa kubadilishwa, na mtajikuta mnasikiliza kesi badala ya kuagana. Akiuliza kwa nini, toa sababu moja iliyo upande wako: "Nguvu zimeniishia." Akisema atabadilika: "Naamini unaweza. Lakini mimi nimeshaamua." Akilia, mwache alie, kaa naye dakika chache, usimkumbatie ukaanza kusema "labda tuone". Huo "labda" mmoja utakugharimu mwaka mzima. Mwenzake fundi hakulia. Alisema, "Kumbe umekuwa unanivumilia," na hilo, fundi anasema, liliuma kuliko matusi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kuna jambo moja linalobadilisha mpango wote. Akisema atajiua, usibishane kama anatania au hatanii. Usimwache peke yake saa hiyo, mpigie ndugu yake au mumewe mbele yake, na mpeleke hospitali au upige simu 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo ni ya bure, au 0722 178 177 ya Befrienders Kenya. Zamani familia nyingi zilificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Ukishamkabidhi kwa watu wake, wewe umefanya la rafiki na la jirani. Lakini usirudi kuwa muuguzi wake wa peke yake kila usiku kama sharti la yeye kuishi. Mzigo huo hauwezi kubebwa na mtu mmoja asiye na ujuzi, na ukiubeba vibaya nyote mtazama.

Hatua ya nne: wiki ambazo mambo yanaonekana kuharibika zaidi

Baada ya kusema, jiandae, kelele zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Tabia iliyokuwa ikilipwa, ukiacha kuilipa, inaweza kupanda kwanza. Simu zitakuwa nyingi, kutakuwa na sauti za WhatsApp za dakika saba, nyimbo za kanisa, picha za zamani za bweni, na "nitumie soo tatu tu, ya mwisho". Wengi huvunjika hapa, wakiamini kwamba kuongezeka kwa simu ni ushahidi kwamba wamemuumiza kupita kiasi. Mara nyingi ni dalili kwamba amesikia.

Mnyamazishe kwenye WhatsApp badala ya kumfungia kabisa, kama bado mna chama na Sacco. Ujumbe wa chama ujibu ndani ya kundi la chama, mbele ya wote. Ujumbe wa mkopo ujibu mchana kwa mstari mmoja. Mengine usijibu hata kwa kidole gumba. Kumfungia simu kabisa ni sawa ikiwa anatukana au anapiga usiku wa manane.

Wapatanishi nao watakuja. Huku kwetu hawakosi: mama wa kanisa, mwanachama mwenye huruma, pengine shangazi yake aliyepanda matatu kutoka Siaya. Wanakuja kwa nia njema na wamezoea ugomvi wenye mkosaji na mkosewa. Ukianza kueleza alivyokufanyia, umewapa kesi, na kesi lazima isikilizwe, na mwisho wake mtashikana mikono kwa lazima mbele ya chai. Fundi alimwambia shangazi: "Mama, hatujagombana, na hajanikosea kitu cha kuombana msamaha. Nimepunguza tu. Karibu chai." Shangazi alizunguka zunguka, akakosa pa kushika, akanywa chai, akaenda zake.

Hatua ya tano: hatia

Kwa kawaida haiji siku ile. Siku ile kuna nafuu, na usiku wa kwanza wa saa tatu kimya unalala mapema. Hatia huja baadaye kidogo, na mara nyingi inaletwa na nafuu yenyewe: unajikuta unacheka na mteja, kisha unajiuliza, mimi ni mtu gani ninayefurahi baada ya kumwacha mwenzangu?

Hapo ndipo pa kusimama. Mtafiti wa Marekani, June Tangney, amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba kuna hisia mbili tunazozichanganya. Moja inahusu tendo: "nilifanya hivi". Hiyo humsukuma mtu kurekebisha. Nyingine inahusu nafsi nzima: "mimi ni mtu mbaya". Hiyo haimsukumi kurekebisha, humfanya ajifiche au akasirike. Kwa hiyo sikiliza namna sentensi ya kichwani mwako inavyoanza. Ikianza na "nilifanya", ina kazi ya kufanywa. Ikianza na "mimi ni mtu wa", hakuna kazi hapo, na ukiitafutia kazi utaishia kumtumia pesa.

Chukua tena karatasi. Upande mmoja andika uliyomtendea, mambo yenye tarehe na mahali. Upande mwingine andika uliyoacha kuendelea kumpa. Upande wa kwanza wa fundi ulikuwa na mambo mawili. Alikuwa amepokea kitambaa cha mwenzake cha kitenge na kukiacha bila kushonwa tangu Pasaka. Na alikuwa amemsimulia mwanachama mwingine jambo la mume wa mwenzake ambalo aliambiwa kwa siri. Haya ni madeni. Kitenge alikishona, akakitia kwenye mfuko, akakituma na boda bila barua, maana barua ingefungua mazungumzo. La siri alilimaliza kwa kumfuata yule mwanachama na kumwambia: "Lile nililokuambia halikuwa langu kusema, naomba liishie kwako." Hakumwambia mwenzake. Nilikubaliana naye. Kuungama kungempa mwenzake jeraha jipya ili fundi apate kulala, na hiyo si fidia.

Upande wa pili ulikuwa mrefu: sitamsikiliza, hana mwingine, alinilipia mtihani kidato cha nne, atakuwa peke yake. Hapa kuna moja la kutazama vizuri, lile la mtihani. Ilikuwa kweli. Mwenzake alimwomba baba yake pesa, fundi akafanya mtihani. Hilo ni jema kubwa, na ndilo lililomshika miaka yote. Swali nililomuuliza lilikuwa: kama ungelipa jema hilo lote, lingelipwa kwa nini na lini? Hakuwa na jibu, na mimi sina. Jema la namna ile halina bei, kwa hiyo haliwezi kulipwa kwa simu za saa tatu usiku, hata ukizipokea mpaka uzeeni. Unaweza kulishukuru, kulitaja kwa heshima linapotajwa, kutomsema vibaya mtu aliyelitenda. Fundi anashika hilo la mwisho kwa ukali. Chamani mtu akianza kumchamba mwenzake, yeye hunyanyuka kwenda kuosha vikombe.

Mambo ya upande wa pili hayaondoki kwa kufanya kitu. Yanabebwa, na yana saa zake: usiku, Desemba, siku ya kuzaliwa kwake, ukipita nje ya ile shule. Weka kanuni moja tu: hamu yoyote ya kumpigia au kumtumia kitu isubiri mpaka kesho mchana. Kesho jiulize kama ungekituma hata ungejua hatajibu kamwe. Rambirambi, ndiyo, ungetuma. "Nilikuwa nakuwaza tu" usiku wa saa tano, hapana, hiyo ni kutafuta msamaha kwa mtu uliyemnyima nafasi ya kukasirika. Akiwa na hasira nawe, ana haki nayo. Sehemu ya kubeba hatia ni kukubali kwamba kuna nyumba moja mjini ambamo wewe ndiye mbaya katika hadithi, na huendi kuirekebisha.

Ikiwa miezi inapita na huli, hulali, au unashindwa kazi, hiyo imevuka mambo ya rafiki. Mwone daktari au mshauri, na mweleze ukianza na usingizi. Hawahitaji historia ya bweni.

Matanga

Amua kabla hayajatokea, kwa sababu yatatokea. Magharibi mwa Kenya hakuna urafiki unaoisha kiasi cha kukosa mazishi ya mzazi. Mpango wa fundi ulikuwa wazi: mchango kupitia chama, kiasi kilekile cha wengine, kuenda siku ya mazishi, ambayo mara nyingi ni Ijumaa au Jumamosi, kwa gari la chama, kuketi na chama, kumshika mkono na kusema pole, kurudi na gari lilelile. Kulala mkeshani na kuingia jikoni usiku kucha ni kazi ya rafiki wa karibu, na ukiifanya utakuwa umetoa ahadi bila kutamka neno.

Baba yake mwenzake, yule aliyelipa mtihani, alifariki mwaka uliofuata. Fundi alifuata mpango isipokuwa mahali pamoja: alitoa mchango wa pili kwa jina lake mwenyewe, akampa mjomba aliyekuwa akiandika daftari, na alipoulizwa ni wa nini akasema, "Ni wa mzee. Alinisomesha." Baada ya mazishi mwenzake alimpigia saa tatu usiku. Hakupokea. Mchana wa kesho yake alituma mstari mmoja: "Poleni sana nyumbani. Mzee alikuwa mtu mwema kwangu." Simu hazikurudi kuwa za kila usiku.

Mkopo wa Sacco nao uliisha, mwenzake akiwa amechelewesha miezi miwili. Baadaye alimtuma mtu kumuuliza fundi kama angekubali kumdhamini mkopo mwingine. Fundi alikataa kupitia huyohuyo aliyetumwa, akaenda ofisini wiki hiyo kujaza fomu ya cherehani yake.